Dhamana iko wazi, ndugu yako bado yuko Maweni: mwongozo kamili wa kumtoa rumande

Hakimu anasema "dhamana iko wazi", ndugu wanatoka nje ya mahakama wakipeana mikono, na wiki tatu baadaye kijana bado yuko Gereza la Maweni. Hakuna aliyemnyima dhamana. Ila hakuna aliyetimiza masharti yake. Watu wengi wanaotufuata hapa Tanga kuomba msaada wamekwama hapohapo: wameshaenda mahakamani mara kadhaa, kila mara na karatasi iliyokosa kitu kimoja, na nauli imekwisha.

Mwongozo huu ni wa kesi zilizoko Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi. Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake, mwepesi zaidi. Kama ndugu yako bado yuko kituoni na hajafikishwa mahakamani, anzia polisi. Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kadiri inavyowezekana, na kwa makosa yasiyo mazito mkuu wa kituo ana mamlaka ya kumpa dhamana palepale. Dhamana ya polisi hailipiwi, na anayekuomba "ya maji" anakuomba rushwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka nyumbani

- Namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe kesi itakapotajwa tena.
- Nakala ya hati ya mashtaka, au walau picha yake ya simu inayosomeka.
- Kitambulisho cha NIDA cha kila mdhamini, halisi na nakala. Namba peke yake mara nyingi haitoshi.
- Barua ya serikali ya mtaa au kijiji kwa kila mdhamini.
- Picha za pasipoti za kila mdhamini, mbili au zaidi.
- Barua ya mwajiri na kitambulisho cha kazi, ikiwa sharti linataka mtumishi.
- Nyaraka za mali, ikiwa sharti linataka mali isiyohamishika.
- Daftari dogo. Utaandika mengi.

Fedha taslimu hazimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Bondi ya shilingi milioni 3 ni ahadi ya maandishi: mdhamini anasaini kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye atadaiwa kiasi hicho. Halipi chochote siku ya kusaini. Mahakama ikiamuru kabisa kwamba fedha ziwekwe, utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, utalipa benki au kwa simu, na utabaki na risiti. Usimkabidhi mtu noti mkononi, hata akiwa amevaa tai.

## Hatua ya 1: Soma hati ya mashtaka kabla ya kutafuta mdhamini

Kitu cha kwanza ni kujua kama kosa lenyewe lina dhamana. Kifungu ambacho wanasheria wamezoea kukiita 148, cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinataja makosa ambayo hakimu hana ruhusa ya kutoa dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na mengine kadhaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema zuio hilo linakiuka Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo mtu akikuambia "toa laki tano nikutolee dhamana ya kesi ya mauaji", anakuibia.

Kitu cha pili ni thamani iliyoandikwa. Kwa kesi za fedha au mali, thamani ikivuka kiwango kilichotajwa kwenye sheria, mshtakiwa lazima aweke nusu yake, taslimu au mali ya thamani hiyo, na nusu nyingine inabaki kwenye bondi. Washtakiwa wakiwa zaidi ya mmoja, kiasi hicho kinagawanywa kati yao, na Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo. Nimeona familia ikihangaika kutafuta nusu nzima kwa ajili ya kijana mmoja kati ya wanne, na hakuna aliyeuliza.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kusema kwa sentensi moja: kosa ni hili, lina dhamana, na thamani ni hii.

## Hatua ya 2: Jua hakimu anapima nini

Swali kubwa la hakimu ni moja: huyu atarudi? Yanayofuata yote yanalitumikia hilo. Ana makazi yanayojulikana? Ana familia na kazi inayomfunga hapa? Kosa ni zito kiasi cha kumshawishi avuke Horohoro aingie Kenya? Aliwahi kupewa dhamana akaruka? Sheria ina jibu kali kwa hilo la mwisho: aliyewahi kuruka dhamana anaweza kunyimwa moja kwa moja.

Kisha yanakuja maswali ya pembeni. Akitoka atatisha mashahidi au kuharibu ushahidi? Je, usalama wake mwenyewe unahitaji abaki ndani, kwa mfano mtaa mzima unamsubiri na mawe? Hili la mwisho waendesha mashtaka hulitaja mara nyingi kuliko linavyostahili, na mshtakiwa ana haki ya kuuliza hatari hiyo inatoka wapi.

Hatia haipimwi hapa. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Ndugu wengi wanapoteza nafasi yao kwa kumfundisha kijana aseme "mheshimiwa, mimi sikuiba". Hakimu ataandika tu kwamba amekana, na swali la atarudi au hatarudi linabaki bila jibu.

## Hatua ya 3: Yaandike masharti neno kwa neno

Tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Kijana wa Sahare, baharia kwenye boti ya uvuvi, anashtakiwa kwa wizi wa injini ya boti yenye thamani ya shilingi milioni 6. Hakimu anasema: wadhamini wawili, mmoja awe mtumishi wa umma, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni 3, na mmojawapo awe na mali isiyohamishika.

Mama yake, muuza samaki, alisikia "wadhamini wawili na milioni 6". Akaenda kukopa. Alikuwa amebakisha laki tisa kuzifikisha pale alipogundua kwamba hakuna aliyemtaka hela.

Usitegemee masikio. Masharti yameandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Nenda kwa karani siku hiyohiyo, mwamkie, mpe namba ya kesi, umwombe akusomee, na uandike. Uliza maswali matatu ambayo hayamo kwenye maneno ya hakimu: mtumishi wa umma ni wa ajira ya serikali tu, au hata wa kampuni inayotambulika? Mali inathibitishwa kwa karatasi gani? Wadhamini wakiwa tayari kabla ya tarehe ya kutajwa, waje lini?

Swali la tatu linaokoa siku nyingi. Si lazima usubiri tarehe ya kutajwa. Bondi inaweza kusainiwa siku nyingine ya kazi hakimu akiwepo, na kama mshtakiwa yuko gerezani, mahakama inapeleka amri ya kumwachia kwa mkuu wa gereza.

## Hatua ya 4: Andaa wadhamini

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na nitakaa hapa kidogo.

Mdhamini mwenyewe. Awe mtu mzima, mwenye makazi ya kudumu, na asiwe na kesi yake mwenyewe. Mweleze ukweli wote kabla hajakubali. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ataitwa ajieleze, na asipokuwa na sababu ya kuridhisha atadaiwa kiasi cha bondi, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa, na akikosa vyote anaweza kufungwa. Mdhamini aliyedanganywa kwamba "ni kusaini tu" hugeuka mlangoni akisikia hakimu akimwuliza kama anaelewa.

Barua ya mtaa. Hii ndiyo karatasi inayorudishwa kuliko zote. Iwe na jina la mdhamini, mtaa na kata, namba ya nyumba kama ipo, kazi yake, uhusiano wake na mshtakiwa, namba ya kesi na jina la mahakama. Iwe na picha yake iliyogongwa muhuri nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, sahihi, tarehe, na namba ya simu ya aliyeiandika. Mahakama ikipiga simu hiyo na isipopokelewa, mambo yanalala. Mwambie mwenyekiti au mtendaji akae karibu na simu siku hiyo.

Sasa angalia majina. Mjomba wa kijana wetu, dereva wa bajaji, alifika na barua safi kabisa. Karani akaiweka kando ya kitambulisho, akaweka kidole kwenye barua, kisha kwenye kadi.

"Mzee, barua inasema Omari. NIDA inasema Omary. Na hapa umeandikwa Hamisi, kule ni Hamis."

"Mwanangu, si mimi huyuhuyu?"

"Mimi nakuamini, mzee wangu. Mwendesha mashtaka je?"

Safari ikaishia hapo. Barua iandikwe kwa kunakili jina kutoka kwenye kadi ya NIDA herufi kwa herufi, hata kama kadi yenyewe imekosea. Mpelekee mwenyekiti kadi, usimtajie jina kwa mdomo. Kama majina yanatofautiana sana, kwa mfano kadi ina jina la babu na cheti cha kazi kina jina la ukoo, mwanasheria au kamishna wa viapo anaweza kukuandalia kiapo cha majina.

Mtumishi. Mwalimu, muuguzi, askari wa mtaani kwenu, wote huwa wanaogopa, na wana sababu. Anayekubali aje na kitambulisho cha kazi na barua ya mwajiri inayosema yuko kazini sasa. Kadi ya kazi iliyokwisha muda haisaidii, na mstaafu si mtumishi hata kama mtaa mzima bado unamwita mwalimu.

Mali. Hati miliki ikiwepo, vizuri. Nyumba nyingi za Sahare, Makorora na Mwanzange hazina hati. Hapo uliza kama mahakama itapokea leseni ya makazi au hati ya mauziano iliyothibitishwa na serikali ya mtaa, pamoja na barua ya kuthibitisha umiliki. Hakimu ana nafasi ya kuridhika na ushahidi mwingine. Wengine huridhika, wengine hawaridhiki, na ndiyo maana swali linaulizwa mapema.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni nyumba ya urithi: marehemu babu bado ndiye jina kwenye karatasi na mirathi haijafunguliwa. Hakuna mjukuu anayeweza kuiweka dhamana peke yake, hata akiwa ndiye anayeishi humo. Wa pili ni nyumba ya wanandoa: mume akiiweka bila mke kuridhia kwa maandishi, pingamizi linaweza kuibuka palepale.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukizipanga karatasi za mdhamini mmoja mezani na jina, picha na makazi vikafanana kwenye zote.

## Hatua ya 5: Siku ya kusaini

Fikeni asubuhi, wadhamini wote wawili pamoja. Mmoja akichelewa kwa sababu ya foleni ya daladala, mwingine hawezi kusaini kwa niaba yake. Karani anakagua, mwendesha mashtaka anapewa nafasi ya kusema kama ana pingamizi, hakimu anawauliza wadhamini wanakaa wapi, wanamjuaje mshtakiwa, na kama wanaelewa kinachotokea akitoroka. Jibuni kwa ufupi. Mdhamini asiyejua jina kamili la mshtakiwa anatia shaka, na wadhamini wa kukodi wanaozurura karibu na mahakama wanakwama hapo. Wanaweza pia kuishia kushtakiwa, na wewe pamoja nao.

Bondi ikishasainiwa, uliza amri ya kuachiwa inakwenda Maweni saa ngapi na nani anaipeleka. Ikifika jioni sana, tegemea atoke kesho yake. Piga nakala ya bondi au ipige picha.

## Hatua ya 6: Masharti yakikushinda, omba yapunguzwe

Familia nyingi hazijui kwamba hatua hii ipo. Zinaendelea kumtafuta mtumishi wa umma ambaye hawana, mwezi wa pili, wa tatu. Wakati huo kijana anapoteza kazi ya boti, na kuna wanaokiri kosa ambalo hawakulitenda kwa kuwa adhabu ya faini inaonekana fupi kuliko kusubiri.

Sheria inasema kiasi cha dhamana kizingatie uzito na mazingira ya kesi na kisiwe kikubwa kupita kiasi. Masharti yanabadilika. Ugumu uko hapa: mwenye sauti mahakamani ni mshtakiwa, na yeye hajui haya. Ninyi mnaojua mnakaa benchi la nyuma na hamruhusiwi kusema. Kwa hiyo nendeni Maweni siku ya kutembelea kabla ya tarehe ya kutajwa, mumfundishe maneno. Yakae hivi:

"Mheshimiwa, naomba kuhusu masharti ya dhamana. Nimekaa mahabusu tangu nilipopewa masharti na ndugu zangu wamejaribu. Hatuna mtumishi wa umma katika familia. Wapo mjomba wangu na mama yangu, wana makazi Sahare, barua zao za mtaa ziko hapa. Naomba sharti la mtumishi liondolewe, au nibaki na bondi na niripoti polisi kila wiki. Nimezaliwa Sahare, kazi yangu na familia yangu viko hapa."

Maneno hayo yanafanya kazi kwa kuwa yanataja sharti moja linaloshindikana, yanaonyesha juhudi, na yanampa hakimu kitu cha kuweka mahali pake. Kuripoti kituoni, kusalimisha pasipoti, kutotoka nje ya mkoa bila kibali: yote ni masharti anayoweza kuyatoa. "Naomba nipunguziwe, mheshimiwa" peke yake haimpi pa kushika. Kwa kijana wetu, sharti la mtumishi likiondolewa, mjomba akarekebisha majina na mama akasimama wa pili, kilichobaki ni ile karatasi ya mali.

Hakimu akikataa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuamuru dhamana itolewe au ipunguzwe, na Tanga ina masjala yake, kwa hiyo huhitaji kwenda Dar es Salaam. Maombi hayo huandikwa na huambatana na kiapo. Hapo tafuta wakili au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye huduma yake kwa asiye na uwezo ni bure. Muulize pia ofisa wa gereza: mahabusu wana haki ya kuandika barua zao kupitia mkuu wa gereza, na majaji wanapozuru magereza malalamiko ya masharti mazito husikilizwa.

## Hatua ya 7: Hesabu siku

Aliye mahabusu kesi yake haiahirishwi kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Andika kila tarehe kwenye lile daftari, na kilichosemwa.

Jibu mtakalolisikia mara nyingi ni "upelelezi haujakamilika". Kwa makosa mengi, wizi ukiwemo, maahirisho ya namna hiyo yana mpaka wa jumla ya siku 60. Kuuvuka, upande wa mashtaka unatakiwa kuleta hati ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa kuomba muda zaidi, baadaye ya wakili wa serikali, na baadaye ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na vyote kwa pamoja visizidi miezi 24. Makosa ya ulaghai na kughushi hayamo kwenye mpaka huu.

Siku ya 61 ikipita bila hati, mshtakiwa aseme: "Mheshimiwa, siku 60 zimepita, sijaona hati ya kuongeza muda. Naomba kesi isikilizwe au niachiwe." Mahakama inatakiwa kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Onyo: kuachiwa huku si kushinda kesi. Anaweza kukamatwa tena kwa shtaka lilelile, na wengine hukamatwa kabla hawajafika getini. Siku hiyo wadhamini wawe nje ya mahakama na karatasi zao zote, ili akirudishwa ndani aombe dhamana papo hapo.

## Akishatoka

Aende kila tarehe, hata akiambiwa na mtu wa kijiweni kwamba hakimu yuko likizo. Kukosa mara moja kunatosha kutoa hati ya kumkamata, na wadhamini wanaitwa. Akiugua, apeleke cheti cha hospitali siku hiyohiyo kupitia mdhamini.

Mdhamini akitaka kujitoa, kwa mfano anahamia Mwanza au ameona kijana anaanza kuaga watu, aende mwenyewe mahakamani aombe kuondolewa. Asiache tu kupokea simu. Mshtakiwa ataitwa atafute mwingine, na asipompata atarudi ndani.

Kesi ikiisha kwa namna yoyote, andika barua ya kuomba nyaraka za mali au fedha zilizowekwa zirudishwe, uambatanishe risiti na nakala ya bondi. Hazirudi zenyewe. Kuna hati za nyumba zinakaa masjala miaka kwa sababu mwenyewe hakuzifuata.